Bahasha Iliyochinjiwa Mbuzi

Filister alizaliwa Karungu, kwa hiyo huku Ndhiwa alikoolewa watu walimwita Nyar Karungu, binti wa Karungu, hata wale waliokuwa wamemkasirikia. Na mwaka ule wa tisini na nne waliomkasirikia walikuwa wengi kuliko waliomsalimia.

Alikuwa sekretari katika shule moja ya sekondari ya wavulana, si mbali na soko. Jina la shule naliacha, wenyewe bado wapo. Chumba chake kilikuwa chembamba, mbele ya ofisi ya hedmasta, na mtu yeyote mwenye kumtaka hedmasta lazima ampite yeye kwanza. Mle ndani kulikuwa na taipureta ya chuma, kabati la mafaili, na mashine ya kuchapia mitihani ambayo wino wake ukishaingia kwenye kucha hautoki hata kwa mafuta ya taa. Mimi wakati huo nilikuwa nikitembeza mikeka ya mafunjo kutoka upande wa ziwa, nikipita hapo kila mara, na yeye alinipa maji bila kuniuliza ninatoka wapi wala ninaenda wapi. Hivyo ndivyo nilivyomjua. Mengine alinisimulia mwenyewe, na mengine niliyaona, maana mtu wa mikeka hakuna anayemfukuza. Watu humdhania ni sehemu ya ukuta.

Lazima nieleze desturi ya kazi ya siku zile, la sivyo mtu hataelewa ugomvi ulitoka wapi. Ukienda intavyuu, uliyechaguliwa uliandikiwa barua. Uliyekosa hukuandikiwa chochote. Ulinyamaziwa, na kile kimya ndicho kilichokuwa jibu. Tena si kimya kamili, kwa sababu ukikutana na mkubwa wa bodi sokoni angekushika mkono na kukuambia, "Subiri kidogo, jina lako tunalo." Mtu anaondoka hapo akitembea kama mwenye mshahara.

Filister aliichukia sana ile "subiri kidogo." Sababu yake ilikuwa Japheth, mtu mzima wa pale, ambaye alifanya intavyuu ya udereva mwaka shule ilipopata lori. Kazi ilipewa mtu mwingine wiki ileile. Japheth hakuambiwa. Akaacha kazi yake ya utingo kwenye basi la Kisii ili asikosekane akiitwa, na kila shule ikifunguliwa alikuja na shati lililopigwa pasi, akaketi kwenye benchi la nje mpaka saa ya chakula. Hedmasta alipita nyuma ya jengo ili asikutane naye. Aliyebaki kumtazama usoni ni Filister.

Sasa shule ikatangaza kazi ya mtunza stoo. Wakaja vijana na mama kadhaa, kila mmoja na nakala za vyeti vyake. Bodi iliwauliza maswali, halafu ikawapa jaribio: kadi ya stoo, ile ya kuandika kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, wajaze wao mahindi na maharagwe ya wiki moja. Aliyefanya vizuri kuwapita wote alikuwa Damaris, mama kutoka upande wa Kuria, aliyekuwa ametunza stoo ya chama cha wakulima. Bodi ikamchagua bila ubishi mwingi.

Lakini kulikuwa na Jacktone. Kijana huyu alikuwa mpwa wa mzee Fanuel, na mzee Fanuel ndiye mzee wa kanisa la Wasabato la pale, na ukoo wake ndio uliotoa sehemu ya ardhi ya shule. Jacktone alizungumza vizuri sana. Alijua namna ya kupanga magunia yasiguse ukuta, alijua kupima, alijua panya na unyevu. Kwenye kadi akapotea. Maharagwe yake yalibaki mengi kuliko yaliyoingia. Na alipoulizwa kama ana kazi nyingine, alijibu bila kuficha kwamba Mayaka, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Migori, alikuwa tayari kumchukua. Mayaka angemngoja mpaka Jumanne. "Lakini ninayoitaka ni hii," alisema, "hii ni ya nyumbani."

Filister alikuwa kwenye kona akiandika yanayosemwa. Hiyo Jumanne ilimkaa kichwani.

Wajumbe wa bodi walipoondoka, akamfuata hedmasta, Mwalimu Monari.

"Mwalimu, huyu kijana wa Fanuel tumwandikie leo."

"Tumwandikie nini? Amekosa."

"Ndiyo hiyo tumwandikie. Kwamba amekosa."

Monari alikuwa Mkisii aliyehamishiwa hapo, mtu mwoga wa wenyeji, na sikumlaumu. Akacheka. "Filister, tangu lini mtu akaandikiwa hapana? Unataka tutukanwe kwa maandishi?"

"Mayaka anamngoja mpaka Jumanne. Tukinyamaza atakaa hapa akitungoja sisi."

"Basi andika kwa upole. Sema jina lake liko kwenye faili."

"Kwenye faili kwa ajili ya kazi gani? Stoo ni moja, na Damaris ana miaka ishirini mbele yake."

"Wewe mwanamke, unapenda vita. Andika unavyotaka, nitatia sahihi, unipishe nikale."

Akaandika. Aliniambia aliharibu karatasi nyingi. Barua yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, kama barua za ofisi zilivyokuwa, mimi ninaiweka kwa maneno yetu kama alivyonieleza:

"Bwana Jacktone. Asante kwa kuja kwenye intavyuu ya kazi ya mtunza stoo. Nasikitika kukujulisha kwamba hukuchaguliwa. Nafasi ilikuwa moja, na imepewa mtu ambaye amewahi kufanya kazi hiyo na aliyefanya vizuri zaidi katika jaribio la kadi. Bodi iliridhika na maelezo yako kuhusu kupima na kuhifadhi nafaka. Kilichokupunguzia alama ni hesabu ya kinachobaki kwenye kadi, na hilo ni jambo la kujifunza. Nafasi hii sasa imejaa. Hatuweki orodha ya wanaongojea, kwa hiyo tafadhali usiache kazi nyingine kwa sababu yetu. Nakala za vyeti vyako tunakurudishia humu ili uzitumie kwingine. Tunakutakia mema."

Hakumtaja Damaris kwa jina, maana alama za mtu ni za mtu. Mwishoni alikuwa ameandika "pengine siku nyingine," akaitazama, akaitoa. "Hiyo pengine ndiyo ingemlaza hapa," aliniambia. Monari akatia sahihi akiwa amesimama, kofia iko kichwani.

Hapo ndipo Filister alipokosea, na kosa lenyewe lisingewezekana mahali pengine. Posta ingechukua siku nyingi. Jacktone alikuwa amekwenda Kisegi kwa mama yake. Watu wa kwa mjomba wake Fanuel walipokea barua kupitia sanduku la kanisa, na karani wa kanisa ndiye aliyezisoma anwani siku ya Sabato, ibada ikiisha, watu wakiwa wamesimama uani. Filister akampa karani bahasha mkononi siku ya Ijumaa. Alifikiri ameharakisha.

Bahasha ya kaki, yenye mhuri wa shule. Na nene, kwa sababu ya vile vyeti.

Sabato karani akaita, "Jacktone! Kutoka shule!" Uwanja mzima ukageuka. Kila mtu pale alijua kwamba shule haimwandikii aliyekosa. Mama mmoja akaipima bahasha kwa vidole, akasema, "Hizi ni fomu za kazi, nzito hivi," na vigelegele vikaanza. Mzee Fanuel akaipokea kwa mikono miwili. Hakuifungua. Barua ya mtu hufunguliwa na mwenyewe, na mwenyewe angefika kesho kutoka Kisegi. Akaiweka ndani ya Biblia yake akatangaza, kwa sauti ya mzee wa kanisa, kwamba Jumapili watu waje nyumbani.

Jumapili asubuhi mbuzi akachinjwa. Watu wakaja na maziwa, na sukari, na maneno. Wengine walikuwa wameshaanza kumwomba Fanuel awakumbuke, watoto wao wapate hata kazi ya jikoni. Mimi nilikuwepo, nimeuza mikeka mitatu ya kukalia wageni. Jacktone akashuka kwenye gari barabarani mchana, akaona umati, akaogopa akadhani kuna msiba. Wakamwimbia mpaka mlangoni.

"Soma, omera!" vijana wakampigia kelele. "Soma, ndugu yetu, tusikie mshahara!"

Akafungua. Akasoma kimya. Niliona shingo yake ikitoka jasho. Akaikunja ile karatasi akataka kuitia mfukoni, lakini mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu asiyejua kunyamaza, akamnyang'anya akaanza kuisoma kwa sauti, akitafsiri kwa Kijaluo kila mstari. Alipofika "hukuchaguliwa" neno tayari lilikuwa limemtoka. Hakuweza kurudi nyuma. Akasoma na ile hesabu ya kadi pia.

Hakuna aliyecheka mbele ya Fanuel. Walicheka njiani. Nyama waliila yote.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye benchi la nje ya ofisi, nikingoja malipo ya mkeka wa chumba cha walimu. Wakaja. Fanuel mbele na fimbo, Jacktone nyuma, na katikati Mzee Zablon, mwenyekiti wa bodi, ambaye alikuwa ametolewa nyumbani kabla hajanywa chai. Wakaingia kwa Filister bila kubisha. Monari akatoka ofisini mwake, akaona, akataka kurudi.

"Kaa hapo hapo, Mwalimu," Fanuel akasema. "Nani kati yenu ameandika uchafu huu?"

"Jaduong', karibu uketi," Filister akamwambia.

"Usiniite mzee wako. Sikuja kuketi. Mtu akikataliwa hunyamaziwa! Baba yangu alinyamaziwa na Wazungu, mimi nimenyamaziwa na serikali, hatukufa. Lini mliona mtu anaandikiwa bahasha kubwa ya kumwambia yeye ni mjinga wa maharagwe?"

"Haikusema mjinga."

"Imesema hesabu! Imesomwa mbele ya kanisa langu!"

"Haikuandikwa isomwe kanisani, jaduong'. Iliandikwa isomwe na yeye."

"Nyar Karungu, mdomo wako ni mrefu. Umekuja hapa kuolewa, ardhi hii unayokanyaga ni yetu, halafu kazi mnampa mtu kutoka mpakani. Tena unatuchapia na taipureta!"

Mwenyekiti Zablon akamgeukia Monari. "Mwalimu, wewe uliiona hii?"

Monari akafuta miwani. "Nilitia sahihi kwa haraka. Sekretari ndiye aliyepanga maneno."

Filister alinieleza baadaye kwamba hilo ndilo lililomwuma, kuliko fimbo ya Fanuel.

"Basi haina shida," Zablon akasema, akitumia ile sauti yake ya harambee. Na kweli harambee ya maabara ilikuwa karibu, na ukoo wa Fanuel ndio waliotarajiwa kutoa ng'ombe. "Filister, tia karatasi. Andika kwamba ile barua ya kwanza ilikuwa na kosa. Andika jina la Jacktone liko kwenye faili, na nafasi ikitokea yeye ndiye wa kwanza. Mzee aende nayo kanisani, isomwe, aibu iishe."

"Nafasi gani, mwenyekiti?"

"Nimekuuliza?"

"Ninauliza ili niandike vizuri. Nafasi gani, na itatokea lini?"

"Andika!" Zablon akapiga meza, taipureta ikalia kengele yake yenyewe. "Na kama vidole vimechoka, hata hiyo kazi yako tunaweza kuitangaza. Kuna wasichana wengi Homa Bay wamesoma kutaipu na hawana majibu."

"Itangazeni. Na watakaokosa muwaandikie."

Fanuel akamcheka kwa hasira. "Mnamsikia? Mwenyekiti, huyu si sekretari, huyu ni mke mwenza."

Lakini Filister alikuwa ameshawaacha wazee. Alimgeukia kijana, ambaye tangu waingie alikuwa anatazama sakafu.

"Jacktone. Mayaka alisema Jumanne. Jumanne ni kesho. Ukipata hiyo barua ya pili, kesho utakwenda Migori?"

"Haendi popote!" Fanuel akajibu kwa niaba yake. "Wa kwanza kwenye faili anakwenda wapi? Atakaa hapa hapa, waone uso wake kila siku, mpaka wampe."

"Nimemwuliza yeye."

Jacktone akainua kichwa. Macho yalikuwa mekundu. Hakumtazama Filister, alimtazama mwenyekiti.

"Mzee Zablon, hiyo nafasi ya pili ni ya lini?"

"Kijana, mambo ya kazi hayana tarehe."

"Mwaka huu?"

"Mungu akipenda."

"Ni ya stoo, ama ni ya nini?"

"Tutaangalia. Kuna jikoni, kuna shamba, kuna… shule ni kubwa."

"Na huyo mama wa stoo ataondoka?"

Zablon akakohoa. "Sasa hayo ni maswali gani? Wewe pokea barua, mambo mengine yatajipanga."

Filister alikuwa ameshaingiza karatasi kwenye mashine, nyeupe, na mikono ameiweka juu ya mapaja. Hakuandika. Hakuitoa pia. Aliniambia alikuwa akisema moyoni, kama kijana atasema "andika" nitaandika, mtoto ni wao, mimi nimeshafanya langu.

Jacktone akasema, "Mjomba, sitaki hiyo ya pili."

"Umesema?"

"Hii ya kwanza nimeielewa. Hiyo nyingine sielewi, hata mwenyekiti mwenyewe haielewi."

"Unanigeuzia mgongo mbele ya watu? Mbuzi wangu umemla!"

"Sikumla, mjomba. Mlimaliza nikiwa ndani."

Mwalimu mmoja dirishani akashindwa kujizuia, kicheko kikamtoka puani. Fanuel akainua fimbo, hajui ampige nani. Jacktone akaichukua ile barua mezani, akaikunja pamoja na vyeti vyake. Halafu akamgeukia Filister, na mtu ambaye angetegemea shukrani alikuwa amekosea mlango.

"Na wewe mama una roho mbaya. Ungenitafuta uniambie kwa mdomo. Sasa hata watoto wa Sabato wananiita Maharagwe."

"Hapo nimekosea," Filister akasema. "Ilifaa nikupe mkononi mwako."

"Kukosea kwako hakunisaidii."

Akatoka. Hakuaga mtu. Akapita mbele yangu akaelekea barabara ya kwenda Rongo, kule ambako magari ya Migori yanapatikana. Mjomba wake alimfuata mpaka getini akimtukana kwa jina la ukoo wa baba yake, kisha akarudi kumalizia kwa Filister.

Harambee ilipofika, Fanuel hakutoa ng'ombe. Alitoa kuku mmoja, tena jogoo mgonjwa, akamkabidhi Zablon mbele ya wageni. Filister hakufukuzwa, maana hawakupata mwingine aliyejua kuituliza ile mashine ya mitihani, lakini nyongeza ya mwaka ule hakupewa, na Monari hakumsemesha mpaka alipohamishwa. Hata hivyo barua hazikukoma. Alibadilisha namna. Siku ya intavyuu, kabla watu hawajaingia, alisimama mbele yao akawaambia wazi: kila mtu atapata barua, aliyechaguliwa na aliyekosa, bahasha zote zinafanana, kila mtu aje aichukue mwenyewe hapa ofisini, asiyeweza kuja aseme apelekewe wapi. Wakaanza kumcheka. Pale sokoni mtu akikataliwa na mchumba, walisema amepata bahasha ya Nyar Karungu. Wamama wengine walihama benchi akija kukaa nao. Japheth naye alipewa yake, ya miaka mitatu iliyopita, akaisoma pale pale, akamwita mchawi, na benchi likabaki tupu.

Nilimwuliza mara moja kama haimchoshi kuchukiwa.

"Inanichosha sana," alisema. "Lakini wananichukia wakiwa njiani kwenda mahali. Zamani walinipenda wakiwa wamekaa."

Miaka miwili ikapita hivi. Nilikuwa Migori na mikeka yangu, mvua ikanishika, nikaingia kwenye duka la Mayaka kujificha. Jacktone alikuwa nyuma ya kaunta, amenona kidogo, koti la kazi la kijivu, kalamu sikioni. Mayaka mwenyewe alikuwa amelala kwenye kiti, jambo ambalo mwenye duka hafanyi kama hana mtu wa kuaminika. Ukutani zilining'inia kadi za stoo, za saruji, za mabati, za rangi. Nilimwona akitoa mifuko ya saruji na kuandika hapo hapo kilichobaki, bila kufikiri.

Filister akaingia, mwavuli unadondoka maji. Alikuwa anaezeka jiko lake. Wakatazamana.

"Misumari ya mabati, kilo mbili," akasema.

"Hakuna."

Sanduku la misumari ya mabati lilikuwa wazi karibu na kiwiko chake, mtu ameshachota humo, mingine imemwagika juu ya kaunta.

"Na hii?"

"Hiyo ina wenyewe."

"Itakuwepo lini?"

"Hapa hatuweki watu wangoje, mama. Nimekuambia hakuna, jaribu duka lingine."

Filister akazitazama zile kadi ukutani, moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayesahihisha mtihani. Akafungua mwavuli wake akavuka barabara, akanunua kwa Mhindi, kwa bei ya juu zaidi. Jacktone akaanza kuikusanya ile misumari iliyomwagika, akanifokea mimi nitoe mikeka yangu mlangoni, inazuia wateja.